Kazi imekubaliwa, pesa haijaachiliwa: ujumbe mmoja kutoka Wete na jinsi ulivyonyooshwa

Kisa chenyewe ni cha kijana wa Wete, Pemba, anayefanya unukuzi wa rekodi kupitia Upwork, jukwaa la kazi za mtandaoni. Mteja wake ni mtafiti wa Nairobi aliyekusanya mahojiano na wakulima wa karafuu, na alimtaka mtu wa Pemba kwa sababu wanukuzi wengine walikuwa wakikwama kwenye matamshi ya wazee. Mkataba ni wa bei moja, umegawanywa katika awamu tatu. Awamu ya pili ilikuwa rekodi nne, za dakika 38, 44, 51 na 47, jumla dakika 180, kwa dola 180.

Kijana alimaliza Jumanne tarehe 3 Februari. Aliweka faili kwenye Google Drive, akabandika kiungo kwenye mazungumzo yao ndani ya Upwork. Ijumaa tarehe 6 mteja akajibu:

> Nimezisoma zote nne leo. Ziko sawa kabisa, hata ile ya Mtambwe yenye kelele za mvua. Asante sana, tuendelee na awamu ya tatu.

Baada ya hapo kimya. Alhamisi tarehe 12 kijana akaandika rasimu ya kudai malipo yake, na kabla ya kuituma akatuomba tuisome. Ndiyo hii, kama alivyoiandika:

> Assalaam alaykum dada yangu, natumai u mzima wa afya wewe na familia. Samahani sana kwa usumbufu. Nilikuwa naulizia ile pesa yangu mbona mpaka leo haijaingia na kazi ulishasema iko sawa? Nimesubiri wiki nzima. Huku mambo si mazuri, Ramadhani ndiyo hiyo inaingia na nina watoto. Kama hutojali naomba unisaidie nipate angalau nusu. Kama huko Upwork kunasumbua basi nitumie kwa M-Pesa halafu tutamalizana wenyewe. Nisamehe kama nimekukosea, na mimi nitakupa nyota tano. Nasubiri jibu lako haraka.

Hakuna tusi hapa, na mtu mwenye moyo akiusoma atamwonea huruma. Tatizo ni kwamba akishamaliza kumwonea huruma hatajua abonyeze wapi. Tena mna sentensi tatu ambazo zingeweza kumgharimu kijana pesa au akaunti yake. Ila kabla ya kugusa neno hata moja, palikuwa na jambo la kuangalia kwenye mkataba wenyewe, kwa sababu ujumbe mzuri kuliko wote haufai kitu ukitumwa kabla ya jambo hilo.

Kwanza mkataba, ndipo maneno

Kwenye mkataba wa bei moja wa Upwork, mteja huweka pesa ya awamu kabla kazi haijaanza. Kadi yake inakatwa siku hiyo hiyo, na pesa inashikiliwa kama amana. Haiko kwa mteja tena, na kwa mfanyakazi bado haijafika. Inatoka kwenye amana kwa njia mbili. Ama mteja anaiidhinisha mwenyewe, ama mfanyakazi anawasilisha kazi rasmi na siku 14 zinapita bila mteja kufanya lolote, hapo inaachiliwa yenyewe. Ikishaachiliwa hukaa siku 5 nyingine za usalama, halafu ndipo mtu anaweza kuitoa.

Kuwasilisha rasmi ni kufungua mkataba, kwenda kwenye awamu inayohusika na kubonyeza `Submit Work for Payment`. Kubandika kiungo kwenye mazungumzo siko kuwasilisha. Kwa macho ya watu wawili hawa kazi ilikwisha kukabidhiwa na kukubaliwa, lakini kwa macho ya mfumo hakuna kilichotokea. Mteja hakupata taarifa ya kumtaka akague kazi, na zile siku 14 hazikuanza kuhesabiwa. Mteja anaweza kulipa hata bila kazi kuwasilishwa, mfumo haumzuii, lakini hakuna kitakachomkumbusha.

Tulipomwambia kijana afungue ukurasa wa awamu ya pili, ndivyo ilivyokuwa: pesa ipo, awamu imewekewa fedha, na kitufe cha kuwasilisha kipo pale pale kinamsubiri. Laiti angekibonyeza tarehe 3, siku 14 zingeishia tarehe 17. Akikibonyeza leo tarehe 12 na mteja akanyamaza, zitaishia tarehe 26 Februari, na pesa itatoka kwenye siku za usalama tarehe 3 Machi. Siku tisa zimepotea, na mteja hana hatia nazo.

Lingekuwa jambo jingine kabisa kama ukurasa ungeonyesha kwamba awamu ya pili haikuwekewa pesa. Hapo ombi lingekuwa la kuweka fedha, si la kuachilia, na hesabu ya siku 14 isingekuwa na maana kwa sababu hakuna cha kuachiliwa. Mtu anayeandika "naomba malipo" bila kuangalia ni hali ipi kati ya hizi mbili huweza kuomba kitu ambacho mteja hana namna ya kukifanya.

Kwa hiyo agizo la kwanza halikuwa la lugha. Abonyeze kitufe kwanza, na aambatishe faili nne zenyewe, si kiungo cha Drive peke yake. Kiungo kinaweza kufungwa, kufutwa au kubadilishwa kilichomo, lakini faili zilizoambatishwa kwenye uwasilishaji hubaki kama kumbukumbu ya kilichokabidhiwa siku ile. Kile kisanduku cha maelezo kinachokuja na uwasilishaji kisiachwe kitupu. Aliandika hivi:

> Nakala za maandishi za rekodi 4 za awamu ya pili, jumla dakika 180, kama ulivyozisoma na kuzikubali kwenye ujumbe wako wa tarehe 6 Februari. Faili ni zile zile, hazijabadilika.

Mistari miwili hiyo inafunga kauli ya mteja ya tarehe 6 na faili zilizo kwenye mkataba. Siku pakitokea ubishi na mtu wa tatu akausoma mkataba huu, hatahitaji kupekua mazungumzo ya mwezi mzima kujua kama kazi ilikubaliwa.

Mteja anaamini ameshalipa

Hili ndilo linalowapita wengi. Mteja alikatwa kwenye kadi siku alipoweka fedha za awamu ya pili, mwezi Januari. Kwenye taarifa yake ya benki pesa ilishatoka. Amesoma kazi, ameshukuru, na moyoni mwake deni limekwisha. Sasa mtu kama huyo akisoma "ile pesa yangu mbona mpaka leo haijaingia", atafikiri benki ya Zanzibar ndiyo inachelewesha, au Upwork wana hitilafu. Atajibu kwa upole kabisa, "Pole, mimi nililipa mwezi uliopita, hebu waulize Upwork," na hapo wiki nyingine inakatika, huku kila mmoja akidhani mpira uko kwa mwenzake.

Neno la kumtoa kwenye dhana hiyo ni lazima liwe ndani ya ujumbe wenyewe, tena mapema: pesa uliyoiweka bado imeshikiliwa mpaka uidhinishe, na ukiidhinisha hutakatwa tena. Nusu ya pili ina uzito kuliko inavyoonekana. Mteja anayeona kitufe cha kulipa juu ya pesa anayojua ilishatoka huogopa kulipa mara mbili, na mwenye hofu hiyo hufunga ukurasa akisema ataangalia baadaye.

Rasimu ilivyopunguzwa

Salamu ilibaki, lakini kwa kipimo. Mteja huyu na kijana wamezoea "habari za kazi" tangu mwanzo wa mkataba, kwa hiyo "Habari za asubuhi, Dada" inatosha na haipungukiwi heshima. Kumuuliza familia nzima ni adabu njema tunapokutana uso kwa uso barazani, lakini kwenye simu taarifa huonyesha maneno ya mwanzo tu, na yakiwa yote ni salamu, mteja ataona hakuna la haraka.

"Samahani kwa usumbufu" na "nisamehe kama nimekukosea" zilitoka zote mbili. Mtu anayedai malipo ya kazi iliyokubaliwa hajamkosea yeyote. Akiomba radhi, anamfundisha mteja kwamba dai hili lina kasoro fulani. "Naomba unisaidie" nayo ikatoka, kwa sababu inaligeuza deni kuwa msaada, na msaada mtu huutoa anapojisikia. "Naomba uidhinishe" ina upole ule ule na inataja kitendo.

Habari za Ramadhani na watoto zilikuwa ngumu kuzitoa, na kijana alizitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba mteja ni mtu mwema, ataelewa. Sawa, huenda ataelewa, lakini tufanye hesabu. Hata kama mteja angeidhinisha Alhamisi ile ile, siku 5 za usalama zingeisha Jumanne tarehe 17, na kuhamisha pesa mpaka benki ya Tanzania huongeza siku za kazi juu yake. Mteja hana uwezo wa kuzifupisha siku hizo. Kumbebesha shida ambayo hawezi kuiondoa ni kumpa uzito bila faida, na ujumbe unaotaja shida humfanya mteja ajibu shida ("pole sana, Mungu atajaalia") badala ya kubonyeza.

Na "nimesubiri wiki nzima" haikuwa kweli kwa hesabu. Kutoka tarehe 6 mpaka 12 ni siku sita, na siku zote hizo kazi haikuwa imewasilishwa. Lawama ikiwa na kosa ndani yake, mteja atalijibu lile kosa.

Sasa zile sentensi tatu za hatari. Ya kwanza ni "nipate angalau nusu". Mteja anaweza kuachilia sehemu tu ya pesa na kuiacha iliyobaki, na kijana amemwandikia kwa mkono wake kwamba nusu itamtosha. Dola 90 zingeweza kuachiliwa kwa nia njema kabisa, na dola 90 zilizobaki zingekuwa na mjadala mpya. Kiasi kikitajwa kiwe kile cha mkataba, dola 180, basi. Wala asitaje makato ya Upwork au kile kitakachomfikia mkononi. Makato ni baina yake na jukwaa, na mteja akiona tarakimu mbili tofauti atasita asijue ipi ni sahihi.

Ya pili ni M-Pesa. Inaeleweka kwa nini ilimjia kichwani, maana pesa ya simu hutoka Nairobi ikafika Wete kabla chai haijapoa. Lakini kulipana nje ya jukwaa na mteja mliyekutana humo ni kuvunja masharti ya Upwork, na katazo hilo linaendelea miaka miwili tangu mlipokutana. Akaunti zote mbili zinaweza kufungwa, na pendekezo lenyewe limeandikwa ndani ya mazungumzo yao wenyewe Upwork. Zaidi ya hayo, mteja angetoa pesa mpya mfukoni huku dola 180 zake zimekaa kwenye amana. Angemlipa mara mbili, kisha aanze kuhangaika kuzirudisha zile za kwanza. Hakuna ujumbe unaohitaji sentensi hii.

Ya tatu ni nyota tano. Kuahidi sifa ili ulipwe, au kutishia kuzinyima, nako kumekatazwa. Maoni huja mkataba ukifungwa, na yanasimama peke yake.

Sentensi moja iliyoingia ikatolewa

Tulipoandika upya mara ya kwanza, tulimalizia hivi: "Kama kuna kitu cha kurekebisha kabla ya kuidhinisha, nitajie faili na dakika, nitakishughulikia kesho." Inasikika vizuri, ni ya mtu anayejali kazi yake. Mwenzetu mmoja akauliza: kazi si imeshakubaliwa?

Alikuwa na haki. Tarehe 6 mteja alisema ziko sawa kabisa. Kumwalika atafute dosari tarehe 12 ni kumfungulia mlango alioufunga mwenyewe. Na kwenye Upwork mlango huo una jina: `Request Changes`, kitufe cha kuomba marekebisho. Mteja akikibonyeza, hesabu ya siku 14 inasimama, kazi inarudi kwa mfanyakazi, na akiwasilisha tena siku 14 zinaanza upya kutoka mwanzo. Mteja mwenye nia njema, aliyeona mwaliko wa marekebisho, anaweza kubonyeza hapo kwa ajili ya nukta moja iliyokosewa kwenye jina la kijiji. Nukta hiyo ingeweza kurekebishwa baada ya malipo bila shida yoyote.

Sentensi ile ingefaa siku ya kukabidhi, tarehe 3, mteja alipokuwa bado hajasoma. Baada ya kukubali, msaada wa kumpa ni wa kufika kwenye kitufe. Mahali pake tukaweka: "Ukikwama popote kwenye ukurasa huo, niandikie nikuelekeze."

Ujumbe uliotumwa

> Habari za asubuhi, Dada.
>
> Naomba uidhinishe malipo ya awamu ya pili, dola 180. Asante kwa kuzisoma rekodi zote nne na kunithibitishia Ijumaa tarehe 6 kwamba ziko sawa, pamoja na ile ya Mtambwe.
>
> Faili nilikutumia kwa kiungo hapa kwenye mazungumzo, lakini sikuwa nimeziwasilisha ndani ya mkataba, ndiyo maana hukupata taarifa ya kuidhinisha. Nimeziwasilisha leo. Ni zile zile ulizozisoma.
>
> Ukifungua mkataba wetu kwenye awamu ya pili utaona kazi inasubiri idhini yako. Pesa uliyoiweka mwezi Januari bado inashikiliwa na Upwork mpaka uidhinishe, kwa hiyo hutakatwa tena.
>
> Ukikwama popote kwenye ukurasa huo, niandikie nikuelekeze. Asante sana.

Ombi limewekwa mstari wa kwanza baada ya salamu ili lionekane hata kwenye taarifa ya simu. Linataja awamu na kiasi, kwa sababu mtafiti huyu ana wanukuzi wengine na mikataba mingine, na akiambiwa "ile kazi" atalazimika kutafuta ni ipi. Kauli yake mwenyewe imetajwa kwa tarehe, bila "ulisema" wala "uliahidi". Imefungwa ndani ya shukrani, na bado ni ushahidi ule ule. Mtambwe imebaki kwa sababu inamrudishia mteja kumbukumbu ya kazi aliyoipenda, na mtu anayetuma ujumbe wa kunakili hawezi kuijua rekodi hiyo.

Kijana alikiri kosa lake la kutowasilisha kwa sentensi moja tu. Aliogopa kwamba kukiri kutamdhoofisha. Kinyume chake, inamwondolea mteja lawama kabla hajaanza kujitetea, na inaeleza kwa nini leo anapata taarifa mbili kwa mpigo, moja ya mfumo na moja ya kijana. Bila maelezo hayo mteja angeweza kudhani kazi mpya imeletwa, akaanza kuisoma yote tena.

Ujumbe huu hautaji siku 14. Hilo lilikuwa la makusudi. Ukimwambia mteja wakati huu kwamba pesa itaachiliwa yenyewe, unampa sababu ya kuiacha ijiachilie, na siku 14 zitapita zote. Kuna wanaoitaja kama onyo, "usipoidhinisha mfumo utakulipisha," na hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa mtu asiye na neno anaambiwa kana kwamba anakimbia deni.

Utaratibu wa kutuma nao una mpangilio wake: kuwasilisha kwanza, na ujumbe mara tu baada ya hapo. Ukitangulia ujumbe, mteja mwepesi atafungua mkataba dakika hiyo hiyo, asione kazi yoyote inayosubiri, na ataacha akidhani umekosea.

Jibu, na majibu mengine yanayoweza kuja

Jioni ile mteja alijibu: "Mbona naona hii pesa ilikatwa kwenye kadi tangu Januari? Nilidhani umeshaipata." Pamoja na kuelezwa, dhana ile ilikuwa bado ina mizizi. Jibu la kijana lilikuwa fupi na halikumrudisha kwenye ujumbe wa asubuhi:

> Ndiyo, Dada, ilikatwa Januari, na tangu siku hiyo iko kwenye amana ya Upwork. Wananipa unapoidhinisha kazi. Ukibonyeza idhini, inatoka kwenye amana kuja kwangu, kadi yako haiguswi.

Ijumaa tarehe 13 asubuhi aliidhinisha. Siku 5 za usalama zikafanya pesa iweze kutolewa Jumatano tarehe 18.

Kama angejibu kwamba malipo hushughulikiwa na mhasibu wa mradi, ujumbe ule ule ungefaa kupelekwa mbele kama ulivyo, kwa kuwa una awamu, kiasi, tarehe ya kukubaliwa na mahali pa kubonyeza. Hii ni hali ya kawaida kwenye taasisi: anayesoma kazi siye mwenye ruhusa ya kulipa kwenye akaunti. Cha kuongeza ni swali moja tu la upole, kama mhasibu amepata taarifa au mteja angependa kijana amwandikie mwenyewe ndani ya Upwork.

Na kama angenyamaza? Tungemshauri angoje siku tano au sita, kisha atume mistari miwili: kazi ya awamu ya pili inasubiri idhini tangu tarehe 12, dola 180, je, kuna chochote kinachokwamisha kwa upande wako? Hapo tena asitume kingine. Hesabu inatembea yenyewe mpaka tarehe 26, na ujumbe wa kila siku unaweza kumfanya mteja aliyechoka abonyeze kitu chochote ili taarifa ziishe, na anachokiona karibu kinaweza kuwa `Request Changes`. Likitokea hilo bila maelezo ya kueleweka, kijana asibishane. Aulize marekebisho gani hasa, ayafanye kama yapo, au kama ni bahati mbaya awasilishe tena siku hiyo hiyo, maana kila siku anayokawia inaongezwa mbele ya siku 14 mpya.

Lipo jambo moja ambalo kimya hakifai hata kidogo upande wa mfanyakazi. Mteja akifunga mkataba huku pesa ya awamu bado iko kwenye amana, na akaomba irudishwe kwake, mfanyakazi hupelekewa taarifa ya kukubali au kukataa, na ina muda maalumu. Asipojibu, pesa inarudi kwa mteja. Barua pepe za Upwork zisiachwe zikaingia kwenye folda isiyofunguliwa, hasa siku ambazo intaneti inasumbua na mtu anategemea arifa za simu peke yake.

Kuhusu awamu ya tatu, mteja alikwisha kusema tarehe 6 "tuendelee". Kijana alitaka kuiingiza kwenye ujumbe ule ule, aombe idhini ya awamu ya pili na fedha za awamu ya tatu kwa pamoja. Tulimzuia. Ukimpa mteja maombi mawili ya pesa kwenye ujumbe mmoja, atalifanya lile jepesi na kuliacha jingine, na huwezi kujua mapema ni lipi. Ombi la fedha za awamu ya tatu lilikwenda Jumamosi tarehe 14, peke yake:

> Asante sana, Dada, nimeona idhini ya awamu ya pili. Rekodi za awamu ya tatu nimeshazipakua. Ukishaweka fedha za awamu hiyo kwenye mkataba, nitaanza siku hiyo hiyo na kukuletea kwa muda ule ule tuliokubaliana.

Faili za awamu ya tatu hazikufunguliwa mpaka ukurasa wa mkataba ulipoonyesha kwamba fedha zake zimewekwa. Safari hii zikimalizika, zitapandishwa kwenye `Submit Work for Payment` kwanza, na kiungo cha Drive, kama mteja anakitaka, kitafuata baadaye.